Nimepigwa laki nane na arobaini nikiangalia duara linazunguka, na yule wa juu bado yuko juu

KoroshoGhafi: Wakuu leo sisalimii mtu. Niko Chikongola hapa, mkono mmoja simu, mwingine kichwani. Yule mnamjua sina haja ya kumtaja, yule wa kutafutia mtandaoni, ukimwandikia jina la benki anakuwekea tangazo la aliyemlipa kwanza, benki yenyewe anaitupa chini kama mtoto wa kambo. Jana usiku hela ya korosho imeingia nataka nitume ada ya mtoto, nikaandika jina la benki nikabonyeza cha juu kabisa. Ukurasa uleule jamani, rangi ileile, hadi yule dada anayecheka na kadi mkononi yupo! Nikaweka paswedi, meseji ikaja na tarakimu 6, nikaweka. Likaja duara. Likazunguka weee. "Namba si sahihi, tumekutumia nyingine." Nikaweka ya pili, duara tena, dakika nne nzima nalitazama kama mtu anasubiri chai ichemke, tena nikawa naulaumu mtandao wa kusini, kumbe mtu yuko ndani anahamisha! Leo asubuhi nimetafuta tena, bado kakaa namba moja na kijineno Sponsored kidogo kama chawa!

KitochiMilele: Chai imechemka mkuu? 😂

BintiNewala: Pole kaka, ila kosa lako hukuangalia kufuli pale juu. Mimi kufuli likiwepo naingia bila wasiwasi.

Fundi_Shangani: Dada hilo kufuli litakuponza. Linasema tu njia kati ya simu yako na huko unakoenda imefungwa, wa njiani asichungulie. Halisemi mwenye nyumba ni nani. Cheti chake kinapatikana bure kwa dakika chache, mwizi naye analo. Mwenye nyumba utamjua kwa anwani. Iguse uione yote, tafuta mkwaju wa kwanza baada ya jina, halafu soma ukirudi nyuma:

```
jinalabenki.co.tz/ingia
jinalabenki.co.tz.ingia-akaunti.com/ingia
```

Ya kwanza ni ya benki. Ya pili mwenyewe ni ingia-akaunti.com, jina la benki kalibandika mbele tu kama stika ya bodaboda. KoroshoGhafi, ile meseji ya pili uliisoma au ulichukua namba tu?

KoroshoGhafi: Nani anasoma meseji nzima bwana! ... Nimeirudia sasa hivi. "Tumia namba hii kuidhinisha uhamisho wa TZS 840,000." Iliandikwa! Duara linazunguka na yenyewe imeandikwa!!

KitochiMilele: Aisee umemfungulia mlango na ukambebea mzigo.

Fundi_Shangani: Namba ya kwanza ilimwingiza, ya pili ikamtoa na hela. Hiyo "si sahihi" uongo, ulikuwa sahihi kabisa. Duara ni la kukukalisha, yeye akizichapa kule benki ya kweli kabla hazijaisha muda. Piga benki wafunge akaunti sasa hivi, namba ya nyuma ya kadi, usiitafute mtandaoni maana na za huduma kwa wateja wanazipandisha za uongo. Anwani nayo chukua tawini au kwenye karatasi zao, ichape yote mwenyewe hadi .co.tz, ukiandika jina tupu simu inakurudisha kulekule kwenye matangazo. Ikifunguka iweke bukumaki, basi, usitafute tena. Mimi paswedi nimeihifadhi kwenye simu, inajijaza kwenye anwani ile tu, siku ikigoma kujijaza nasimama kwanza niangalie niko wapi.

MzeeMikindani: Mtume 15040 TCRA wamfunge.

Fundi_Shangani: Mzee wangu shikamoo, 15040 unatuma namba ya simu iliyokuletea meseji ya utapeli. Huyu meseji zake zilitoka benki kweli. Aende polisi, na benki awaandikie barua. Hela kurudi hapo mimi sisemi, inategemea kama bado ipo huko ilikotua.

MmasasiAsili: Afadhali wewe yako iliingia ikaibiwa. Sisi chama chetu huku mnada umepita zamani, kila siku "wiki ijayo". Mwizi akija kwangu atanionea huruma.

BintiNewala: Kwa hiyo kufuli lina kazi gani sasa?

KitochiMilele: Ndio maana wengine tunauza kangomba, keshi mkononi, hakuna paswedi wala duara.

MmasasiAsili: Kangomba anayekupimia kwa bakuli lake? Huo si wizi?

MzeeMikindani: Bakuli la kangomba lina kilo na nusu, yeye anakulipa kilo moja. Mwaka juzi nimelipima mwenyewe.

KitochiMilele: Mzee ulipima limejaa au limesawazishwa? Maana hapo ndipo ugomvi ulipo.

KoroshoGhafi: Wakuu nimepiga benki, wameniweka kwenye muziki robo saa...

MmasasiAsili: Subiri kidogo mkuu, tuko kwenye bakuli.