Muuzaji hanipi invoisi yenye PIN, nifanyeje?

Habari zenu wanakikundi. Nina nyumba ya wageni hapa Malindi, na nimesajiliwa kwa VAT. Mwezi Machi nilinunua mabati na rangi kwa shilingi 174,000. Karatasi niliyopewa imeandikwa kwa mkono, bei 150,000 na VAT 24,000, lakini haina PIN ya muuzaji wala msimbo wa eTIMS. Bila hivyo siwezi kudai zile 24,000 kwenye ritani yangu.

Nimemwendea mara mbili dukani. Mara ya kwanza aliniambia risiti yatosha. Ya pili nilimwachia PIN yangu ili aiweke kwenye invoisi, naye akanitumia yake kwa simu. Nilipoiangalia kwenye PIN Checker ya iTax nikaona ana kodi ya mapato tu, VAT hakuna! Sasa anasema ana kampuni nyingine iliyosajiliwa, ataniandikia invoisi ya eTIMS kwa jina hilo. Mimi sikununua kwa kampuni hiyo, na pesa nilituma kwa duka lake. Naona kama ananitia mtegoni.

Naogopa muda pia, maana miezi sita ya kudai itaisha mwisho wa Septemba.

Naomba mnijuze: nikikubali invoisi ya hiyo kampuni ya pili, KRA wakikagua watanikatalia? Na kama kweli duka halikusajiliwa, nina haki ya kudai anirudishie zile 24,000, na nianzie wapi?