Mhariri amefuta utusitusi wangu wote akaweka "giza nene", hadithi ya upelelezi imekufa

Mpiga Kasia

Wakuu, nina hasira, na naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kunijibu.

Mwaka jana nilipeleka hadithi ya upelelezi kwa watu wanaokusanya hadithi fupi. Ikakubaliwa, nikafurahi. Juzi kitabu kimenifikia, nikafungua ukurasa wa kwanza wa hadithi yangu nikaishiwa nguvu. Hiki ndicho nilichoandika mimi:

"Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha na watu wa Bweni walikuwa bado hawajawasha taa. Mto ulikuwa umekoroga tope la mvua za bara. Ukichovya mkono, huuoni kuanzia kifundo. Ng'ambo, mji wa Pangani ulianza kufifia, minazi imebaki vivuli visivyo na makuti. Katika utusitusi ule Mzee Sefu alimwona mwanamume akishuka mtumbwini, bega moja limelala, shati jeusi."

Na hiki ndicho kilichochapwa:

"Giza nene lilikuwa limetanda. Maji ya mto yalikuwa meusi ti. Giza totoro liligubika kila kitu. Mzee Sefu alimwona mwanamume akishuka mtumbwini, bega moja limelala, shati jeusi."

Basi niambieni, kama giza ni totoro na limegubika kila kitu, huyo mzee ameonaje bega? Ameonaje shati? Msomaji wa kwanza aliyenipigia simu aliniuliza hilohilo, na sikuwa na jibu, kwa sababu kosa lina jina langu juu yake.

Wala sikuchagua saa ile kwa ajili ya kupamba. Kwetu pwani jua likishazama, mwanga unakaa dakika 20 na kidogo tu, kisha usiku umeingia. Hadithi yangu yote imejengwa ndani ya dakika hizo. Mzee Sefu anaapa shati lilikuwa jeusi, polisi wanamkamata mwenye shati jeusi, na mwisho inajulikana kwamba shati la muuaji ni jekundu. Mzee hakusema uongo. Wekundu ndio unaotangulia kuzimika kwenye mwanga wa jioni, ukautazama ukadhani ni weusi. Mtu wa pwani anayesoma kwa makini angeweza kukisia tangu ukurasa wa kwanza, na ndiyo raha ya hadithi za aina hii. Sasa mhariri kaleta usiku saa 12:30 jioni, na ufunguo wa fumbo ameutupa mtoni.

Nilipomuuliza, akanijibu kwamba hadithi ya mauaji lazima ianze na giza "ili itishe". Neno giza nililikuta mara 7 katika kurasa mbili za mwanzo. Mimi nilikuwa sijaliandika hata mara moja.

Chuma Mboga

Pole mkuu. Hata huku kwetu ni siku ya tatu giza tupu, transfoma imeungua na ukipiga simu hawapokei. Samaki wameniozea kwenye friji. Tuungane tupaze sauti.

Bint Makadara

Chuma Mboga, soma uzi tena ndugu yangu, si mambo ya umeme haya.

Mleta uzi, mimi nipo Mombasa na nyumbani tunasema kiza. Bibi yangu alikuwa na kiza cha kutia kidole jichoni, alikuwa na kigizagiza, alikuwa na wingu lililonuna. Hakuyachanganya. Akisema mbingu imenuna, tulijua ni mchana na tuanue nguo. Lakini utusitusi mimi naujua ni wa alfajiri, kabla watu hawajatambuana nyuso. Wa jioni sijausikia.

Mpiga Kasia

Bi dada, kwetu Tanga utusitusi ni wa pande zote mbili, usiku ukija na usiku ukienda. Ndiyo maana nilitanguliza adhana ya magharibi, asije mtu akadhani ni alfajiri.

Kalamu Nyekundu

Nitamtetea mhariri kidogo, maana na mimi nahariri. Vijana wanasoma kwenye simu, ndani ya daladala. Neno utusitusi wengi wao hawalijui. Aya ya kwanza isipowashika, wameondoka. Giza linashika haraka.

Mpiga Kasia

Kuhusu haraka nakuelewa kaka. Kama neno ni gumu, ungeniambia niandike "mwanga hafifu" au "jua limeshazama lakini bado kunaonekana", ningekubali siku hiyohiyo. Ugumu wa neno hauruhusu kubadilisha saa ya tukio. Na tope je? Tope nalo ni neno gumu? Mto ule ukiwa na tope wakati Pangani hakujanyesha, mkaazi anajua mvua imepiga huko juu. Pia ndiyo sababu gunia lililozama hatua mbili tu kutoka ukingoni halikuonekana asubuhi, jua limewaka. Maji "meusi ti" yangekuwa meusi usiku tu, kukicha kila mtu angeliona.

Tabibu wa Macho

Habari ya shati ni kweli kabisa. Jicho lina sehemu ya kuonea mchana na sehemu ya kuonea usiku. Ya usiku haitambui rangi, na wekundu ni kama haiuoni. Anika khanga nyekundu na khanga ya buluu kwenye kamba moja, ukae nazo kuanzia magharibi. Mchana nyekundu ndiyo inayokuvuta macho. Mwanga ukipungua, ya buluu inabaki na weupeweupe, nyekundu inakuwa kama kitambaa cha msiba.

Kingine nilichokipenda ni kwamba taa hazijawashwa. Mzee angekuwa ametoka ndani kwenye karabai, jicho lingehitaji karibu nusu saa kuzoea vizuri, na kwa muda huo angekuwa kama kipofu. Mhariri amekata sentensi hiyo naye hajui amekata nini.

Wakili wa Bara

Mimi naona mleta uzi ana haki, ila hadithi yake ina tundu. Hapa Tanzania kuna shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri la mwaka 1980, kila wakili wa jinai analijua. Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu mno, usitegemewe mpaka uwezekano wote wa kukosea umeondolewa. Shahidi ataulizwa alimtazama kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, na kama alikuwa anamjua mtu huyo kabla. Kusema tu "kulikuwa na mwanga" hakutoshi, useme wa nini na ulikuwa mkali kiasi gani.

Katika aya yako ya asili mwanga upo. Umbali uko wapi?

Mpiga Kasia

Umbali uko ukurasa wa tatu, hatua 15. Nakubali ungekaa vizuri zaidi pale mwanzo.

Wakili wa Bara

Na Mzee Sefu alikuwa anamjua?

Mpiga Kasia

Hapo sisemi, ndipo hadithi inapogeukia.

Kalamu Nyekundu

Sawa, la tope sikulifikiria. La utusitusi bado nasimama nilipo.

Bint Makadara

Mkuu, nakala yako ya asili si bado unayo? Itundike hapa yote, hilo la mhariri wako tutajua baadaye.

Mpiga Kasia

Ninayo, ila mkataba niliosaini unanizuia kuichapa popote kwa miaka miwili. Nimewaandikia barua kuomba aya ile irudishwe watakapochapa tena. Leo ni siku ya 9, hawajajibu.