Tupeane uzoefu: ulijuaje kwamba karatasi ni ya kughushi?

Kijana wa Vwawa
Wakuu, naanza na yangu. Mwaka jana nilitaka kununua kiwanja Mbozi. Muuzaji akaniletea mkataba aliodai ndio alionunulia yeye, wa Juni 2011. Karatasi ya njano, imekunjwa mara nne, mhuri wa bluu juu ya sahihi. Kwa uchakavu ule nikauamini. Nikamtumia shemeji picha, akauliza kitu kimoja tu: mhuri umeandikwa nini? Katikati tarehe 18 JUN 2011, pembeni MKOA WA SONGWE. Songwe imemegwa kutoka Mbeya mwaka 2016! Muuzaji akasema wa kwanza ulifutika, wakagonga mwingine. Nikamwambia basi ungekuwa na tarehe ya siku waliyougonga. Tangu hapo hapokei simu. Ninyi mliwashikaje?

Mama Tumaini
Mimi cheti changu cha kidato cha nne kimepotea kwenye kuhama. Nikienda na fotokopi watasema nimeghushi?

Kijana wa Vwawa
Dada, anza polisi uchukue taarifa ya upotevu. Ila hapa tunaongelea za kughushi.

Mzee wa Chapa
Nimekaa kwenye uchapaji miaka 22. Huyo alikuwa mvivu. Wajanja wanaskani mhuri halisi na kuutoa kwa printa. Mhuri wa mpira ukigongwa, wino husukumwa pembeni, kwa hiyo kingo za herufi huwa nzito kuliko katikati, na upande mmoja hufifia kwa sababu mkono haukandamizi sawasawa. Chukua kioo cha kukuzia. Bluu ya mhuri wa mpira ni rangi moja iliyonywewa na karatasi. Bluu ya printa ya rangi utaiona imevunjika kuwa vidoa vya samawati na waridi. Niliwahi kuletewa barua tatu za tarehe tofauti, nikazipachika mbili mbili dirishani: mihuri ikalaliana kabisa, hadi kipengele kidogo kilichokatika kwenye herufi R na mwinamo wake. Hakuna mkono wa binadamu unaogonga hivyo mara tatu.

Dogo Steshenari
Rahisi, nunueni taa ya kukagulia noti. Alama ya maji ya kweli inang'aa kwenye ile taa, ya bandia haing'ai.

Mzee wa Chapa
Taa nunua, lakini umegeuza mambo. Alama ya maji ya kweli huwekwa karatasi ikiwa bado mbichi kiwandani: sehemu nyingine nyembamba, nyingine nene. Unaiona ukiinua karatasi kwenye mwanga, ukiilaza mezani inapotea. Ya bandia huchapwa juu kwa wino hafifu, ndiyo unayoiona hata ikiwa mezani ukiinamisha kidogo. Kinachong'aa bluu kwenye taa ni dawa ya weupe iliyomo kwenye karatasi za kawaida za ofisini. Karatasi za vyeti na noti kwa kawaida hubaki hafifu. Cheti kizima kikiwaka kama shati jeupe disko, uliza.

Dogo Steshenari
Basi nilikuwa nawakagua watu kinyume miezi yote hii 😅

Wakili Mstaafu
Msisahau fonti. Pakistani mwaka 2017, familia ya Waziri Mkuu Nawaz Sharif ilikuwa imewasilisha hati ya Februari 2006 iliyochapwa kwa Calibri. Wachunguzi wakasema fonti hiyo ilianza kuuzwa kwa umma Januari 2007. Upande wa pili ukajibu kwamba matoleo ya majaribio yalikuwepo kabla. Kwa hiyo fonti hukupa swali zito, si hukumu. Kwa tarakimu moja iliyobadilishwa, mimi huweka rula chini ya mstari: mwaka 2019 uliokuwa 2014, ile 9 huwa imepanda au kushuka kidogo, au nyeusi yake haifanani na ya jirani zake.

Binti Mwarabu
Mie baba alinifundisha mikunjo. Sahihi ikipita juu ya mkunjo, wino ukiwa umevujia ndani ya ufa, mtu kasaini karatasi ikiwa imeshakunjwa. Na mashapo ya tona ya printa hubanduka kwenye mkunjo. Mkataba wa mjomba ulikuwa hivyo: maandishi yamebanduka, sahihi imevuja.

Wakili Mstaafu
Binti, mtu hukunja mkataba mfukoni akaupeleka kwa shahidi asaini kesho yake. Mbele ya hakimu hiyo peke yake haisimami.

Binti Mwarabu
Mfukoni siku moja, sawa. Ila mjomba anasema walisaini wote mezani, saa ile ile ilipotoka kwenye printa. Nani kati yao anadanganya, mjomba au mkunjo?

Mzee wa Chapa
Ilete hati yenyewe, si picha. Kwenye picha mkunjo hausomeki.