Dada yangu anataka tuandike "zimebaki 3 tu" ilhali stoo imejaa. Nifanyeje?

MamaDuveti
Wadau, habari za jioni. Mimi na dada yangu tuna kibanda ndani ya eksibisheni huku chini ya mji, upande wa Mfangano. Tunauza duveti na mablanketi mazito, mzigo tunachukua Eastleigh kwa bei ya jumla. Wateja wengi wanatufikia kwa WhatsApp, wengine Instagram, na wachache ni wapita njia.

Mzigo mpya umeingia, duveti 40: za 4 kwa 6 ziko 8, za 5 kwa 6 ziko 20 na za 6 kwa 6 ziko 12. Nikiweka picha, majibu ni yaleyale: "nitapita mwisho wa mwezi", "niwekee moja ya kijivu". Kisha baridi ya Julai ikishika wanakuja wote kwa pamoja, wanakuta za 6 kwa 6 zimeisha, na lawama ni zetu.

Dada anasema dawa ni kuandika "zimebaki 3 tu" kila asubuhi. Jirani yetu anafanya hivyo na anauza. Mimi nakataa, kwa sababu wateja wetu ni watu wa chama na wa kanisa, wakiingia kibandani rafu wanaiona. Lakini pia sina njia nyingine ya kuwafanya waamue mapema. Nyinyi mnafanyaje bila kudanganya?

KijanaWaBei
Dada yako anajua biashara. Lakini fanya kwa akili: toa 5 mezani, zile nyingine ziache stoo. Ukiandika "ziko 5" hujadanganya mtu, mezani ni 5 kweli. Zikiisha unatoa nyingine 5.

BabaTroy_Rongai
Mama, mimi naona shida yako ni huyo wa Eastleigh. Anakupa 40 ilhali msimu wa baridi unataka 100. Mwambie akuwekee mzigo mapema, au tafuta mwingine. Ukiwa na duveti za kutosha hutasumbuka na haya maneno ya zimebaki.

MamaDuveti
@BabaTroy_Rongai asante, lakini 100 ni pesa nyingi kulala stoo. Agosti ikiisha na ziko 30 ndani, nitazikalia hadi mwaka ujao. Nanunua 40 kwa makusudi.

MzeeWaStoo
Nimeshika daftari la stoo Kamukunji miaka mingi, sasa niko na duka langu. Mama, hapo ulipomjibu BabaTroy umeshatoa tangazo lako bila kujua. "Nanunua 40 kwa sababu sitaki mzigo ulale" ni sababu ya kweli ya uchache, na mteja anaielewa. Uchache usiotajiwa sababu ndio watu wanaoushuku.

Jambo la kwanza ni hesabu yenyewe. Wengi hudhani idadi ya kusema ni ile iliyo kwenye rafu, na sivyo. Chukua hizo 6 kwa 6 zako 12. Tuseme umeuza 7. Rafuni utaona 5. Lakini 2 zimelipiwa dipoziti, na 1 zipu imekwama, hutaiuza bei kamili. Zilizopo za kuuza ni 2. Ukiandika 5, mtu atapanda matatu kutoka Rongai akute duveti zina majina ya watu. Huo nao ni uongo, ijapokuwa hukukusudia. Ukiandika 2 na mtu akaona 5 rafuni, atakuita mwongo vilevile. Kwa hiyo zile zenye dipoziti zibandike karatasi yenye jina na tarehe, na mbovu itoe rafuni kabisa. Rafu na simu ziseme kitu kimoja.

La pili, taja saizi. Wewe huna uhaba wa duveti, una uhaba wa 6 kwa 6. Za 5 kwa 6 zikiwa bado 14, hakuna haraka ya kumpa mtu, mwambie hivyo. Mtu akiambiwa "hii usikimbilie, ziko", siku ukimwambia "hii kimbia" atakimbia.

La tatu, stetasi ya WhatsApp hukaa saa 24. Ukiweka "zimebaki 2" saa 2 asubuhi na zikauzwa saa 5, basi hadi kesho yake simu yako inatangaza kitu ambacho hakipo. Andika saa ndani ya picha, na zikiisha futa ile stetasi, weka nyingine ya "6 kwa 6 zimeisha". Hiyo ya zimeisha ndiyo wengi huiruka kwa sababu haiuzi kitu siku hiyo. Ndiyo itakayofanya "zimebaki" ya mzigo ujao iaminike.

@KijanaWaBei, kutoa 5 mezani si kosa. Kosa ni neno. "Leo natoa 5" ni kweli. "Zimebaki 5" ukijua 15 ziko nyuma ya pazia ni uongo uliovaa suti.

KijanaWaBei
Mzee, mteja hajui tofauti ya "natoa" na "zimebaki". Na mimi bado nauza.

MzeeWaStoo
Hajui leo. Atajua atakaporudi kesho akute 5 nyingine. Utaona dalili: watu wataanza kuuliza "zimebaki kweli?" kabla ya kuuliza bei. Wengine hawatauliza, watangoja ushuke bei. Ukiona maswali yanaongezeka na malipo hayaongezeki, idadi zako zimeshaacha kufanya kazi.

ViatuVyaToi
Mimi niko Toi, nauza viatu vya mtumba, kamera tupu, yaani vya daraja la kwanza. Kwangu kila kiatu ni pisi moja, saizi moja. Sihitaji kusema zimebaki ngapi. Shida yangu ni kinyume: nikisema "ni hii tu" hawaamini, wanadhani niko na belo zima chini ya meza. Nilichofanya ni kutofuta picha za vilivyouzwa. Naandika IMEUZWA juu ya picha na naiacha kwenye ukurasa wa Instagram. Mtu akipitia akaona IMEUZWA nyingi, haniulizi tena kama nina nyingine. Lakini usibandike IMEUZWA kwa kitu ambacho hujauza, kuna watu hufanya hivyo ili waonekane wanauza. Soko letu ni dogo, mwenye kuuza karibu na wewe atakuona umekivaa Jumapili.

MamaDuveti
Hii ya karatasi yenye jina nimeipenda. Swali: hawa wa "niwekee" nifanye nini nao? Wako saba kwa 6 kwa 6 peke yake. Nikiwawekea wote, hesabu inaonyesha zimeisha, na najua nusu hawatakuja. Dada anasema hao ndio ushahidi kwamba duveti zimekwisha.

MzeeWaStoo
Hao wa mdomo usiwahesabu. Ukiwahesabu utatangaza uhaba ambao haupo, tena utawakataa walio na pesa mkononi. Mjibu kila mmoja vivi hivi: "Nimekuandika. Ukituma 500 kwa tili leo kabla ya saa 12 jioni, naibandika jina lako hadi Jumamosi. Bila dipoziti siiwekei mtu, ila ikibaki ni yako." Saa 12 ikipita bila pesa, inarudi rafuni. WhatsApp ya biashara ina lebo, waweke wenye dipoziti lebo moja na wanaongoja lebo nyingine, kwa mpangilio walioandika. Akiacha wa kwanza, unampigia wa pili. Hiyo saa 12 ni haraka ya kweli, kwa sababu kuna mtu mwingine nyuma yake.

Lakini ukiweka muda, uheshimu. Ukisema bei ya utangulizi inaisha Jumapili na Jumatatu bei ni ileile, umewafundisha wasikusikilize. Ukilazimika kuongeza muda, taja sababu waziwazi, mara moja.

Wakili_Mwanafunzi
Niongeze kidogo. Katiba, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha katika kuuza. Kwa hiyo "zimebaki 3" ya kila asubuhi si ujanja tu.

KijanaWaBei
Nani atakupeleka kortini kwa duveti?

Wakili_Mwanafunzi
Labda hakuna. Lakini anaweza kurudi na picha ya skrini akidai pesa zake, na utabishana naye ukiwa upande mbaya, mbele ya wateja wengine.

NyamburaMnunuzi
Mimi si muuzaji, ni mnunuzi wa hivi vitu. Kinachonifanya nilipe haraka ni kujua kama mtaleta nyingine na lini. Nikiambiwa "zikiisha tunaleta tena baada ya wiki tatu", napanga. Nikinyamaziwa, nadhani mnanitisha. Na bei pia: kama mzigo ujao utapanda, niambie, ila kama tu mnajua.

MamaDuveti
@NyamburaMnunuzi hapo ndipo naogopa. Nikisema nitaleta tena, si wote watangoja?

MzeeWaStoo
Baadhi watangoja, ndiyo. Hilo sitakuficha, utapoteza mauzo kadhaa ya wiki hii. Lakini baridi haingoji. Anayelala bila duveti Julai hatakubali wiki tatu kirahisi. Na kuhusu bei, usitaje kupanda mpaka wa Eastleigh akupe bei mpya kwa mdomo wake.

MamaDuveti
Nimejaribu kuandika. Someni mnirekebishe:

"Jumatano saa 2 asubuhi. Duveti za 6 kwa 6, 3,200: zimebaki 2 (kijivu 1, buluu 1). Mzigo ulikuwa 12, huwa tunaleta kidogo ili usilale. Za 5 kwa 6 bado ziko nyingi, hakuna haraka. Mzigo mwingine tutaagiza mwisho wa mwezi, bei yake bado hatujaambiwa. Kuwekewa ni dipoziti 500, inashikwa hadi Jumamosi."

ViatuVyaToi
Nzuri. Ila sema asipokuja Jumamosi, hiyo 500 inakwenda wapi. Mimi sirudishi, na naandika hivyo kabla hawajatuma.

MzeeWaStoo
Mimi narudisha nikiwa nimeiuza kwa mwingine siku hiyohiyo. Sijapata hasara, kwa nini nikae na pesa ya mtu?

ViatuVyaToi
Kwa sababu uliwakataa watu wawili ukimngojea yeye, mzee. Hao hawakurudi.

MamaDuveti
Dada amesoma huu uzi wote. Amekubali ujumbe, amekataa ile ya "hakuna haraka" kwa 5 kwa 6. Anasema tuiondoe tu, tusiseme chochote. Nitaiondoa wiki hii tuone nani atauliza.