Mrejesho: ziada ya muuza changu, Malindi

Niliuliza: «Ikiwa kurva ya ugavi imepinda, ziada ya mzalishaji hupatikanaje, na ziada ya jumla ya soko je?»

Ahsanteni, ndugu zangu. Nimeifanyia kazi kwa mfano wa kubuni wa changu wa Malindi, q ikiwa kilo kwa siku na p shilingi kwa kilo: ugavi p = 100 + 0.03q², mahitaji p = 600 − 2q. Kurva hukutana pale q = 100 na p = 400.

Wavuvi hupokea 400 × 100, yaani shilingi 40,000. Lakini kiwango cha chini ambacho wangekubali, kilo baada ya kilo, ni eneo lililo chini ya kurva ya ugavi:

∫₀¹⁰⁰ (100 + 0.03q²) dq = 10,000 + 10,000 = 20,000

Ziada yao basi ni shilingi 20,000. Anayetumia pembetatu hapa atapata 15,000 tu, kwa kuwa kurva hii imebonyea chini ya mstari ulionyooka unaounganisha ncha zake, na eneo lililo kati ya mstari huo na kurva humpotea. Kwa wanunuzi pembetatu inatosha, maana mahitaji yamenyooka: ½ × 200 × 100 = 10,000.

Ziada ya jumla ni 30,000, na intigrali moja ya mahitaji kutoa ugavi huithibitisha bila kuhitaji bei:

∫₀¹⁰⁰ (500 − 2q − 0.03q²) dq = 50,000 − 10,000 − 10,000 = 30,000

Bei hugawa tu eneo hilo kati ya pande mbili. Tena, 20,000 za wavuvi si faida halisi: gharama zisizobadilika, kama kodi ya mashua, bado hazijatolewa.