Kwa nini "anaandika…" na "anarekodi sauti…" hazizimiki?

Kalamu_Nzito: Nina hasira, na sitaficha. Kwenye WhatsApp nimeficha mara ya mwisho kuonekana, nimeficha kuwa niko mtandaoni, tiki za bluu nimezima. Juzi bosi kaniandikia jambo zito. Nikabonyeza maiki, nikarekodi jibu, nikaona nimepaniki, nikalitupa kabla halijaenda. Papo hapo: "Naona unarekodi, sema tu." Ile audio haikutumwa, lakini yeye alishajua ipo! Kwenye grupu la kazini ndiyo balaa zaidi, jina langu linatokea pale juu kila nikigusa kibodi. Nani aliwapa ruhusa ya kutangaza kusitasita kwangu? Nimepekua mipangilio yote ya faragha, swichi haipo.

Mtu_wa_Pwani: Rahisi tu. Ukishaficha "mtandaoni" kila kitu kinafichika. Labda hukuhifadhi.

Kalamu_Nzito: Nimehifadhi. Nimejaribu kwa simu ya mdogo wangu: "mtandaoni" haionekani, lakini nikianza kuandika tu, "anaandika…" hiyo hapo.

fundi_seva: Yuko sahihi, hivyo ni vitu viwili tofauti. Ukigusa kibodi, app hutuma ujumbe mdogo kwenda seva: "huyu anaandika." Maneno yenyewe hayaendi, na taarifa hiyo haiwekwi ikusubiri. Mwenzako akiwa hajafungua app, inapotea. Akiwa ameifungua, anaiona hata kwenye orodha ya chati, bila kuingia kwako. Telegram, kwa mfano, huifuta baada ya sekunde 6 isipotumwa tena, ndiyo maana mtu huonekana anaandika, anaacha, anaandika.

Bi_Shufaa: Mimi audio zangu zinagoma kwenda kabisa, zinazunguka tu. Ni hii hii?

fundi_seva: Hapana dada, huo ni mtandao wako. Fungua uzi wako tutakusaidia.

Kalamu_Nzito: Sasa kama ni ujumbe mdogo hivyo, wakiacha kuutuma kuna hasara gani?

fundi_seva: Kiufundi hakuna. Signal wana swichi hiyo kwenye faragha, ila ukiizima na wewe huoni wenzako wakiandika. Wengine hawataki, kwa maoni yangu, kwa sababu ukiona "anaandika…" hutoki kwenye app. Unabaki unasubiri.

Nuru_ya_Asubuhi: Siyo biashara tu. Mimi nikiona mwenzangu anaandika, nanyamaza nimsubiri amalize. Bila hiyo tunakatizana.

Kalamu_Nzito: Basi wewe iwashe! Mimi nataka uamuzi uwe wangu.

fundi_seva: Kwa sasa andika kwenye app ya noti, kisha ubandike. Itaonekana kidogo tu ukibandika. Kwa sauti, zima data na waifai kwanza, rekodi, sikiliza, futa usipoipenda, ndipo uwashe.

Kalamu_Nzito: Yaani nizime intaneti ili nifikirie kwa faragha? Asante kwa msaada, lakini hapana. Nawaandikia leo kupitia sehemu ya maoni ndani ya app, na anayekerwa kama mimi aandike pia.