Alama 2, 2, 2 na maneno saba tu: hawa wasomaji wa ikisiri wanatuonaje?

MtungiWaLita20 (mwenye uzi)

Wadau, naandika nikiwa bado nachemka, mtanivumilia. Jana saa tatu usiku niko kwenye matatu ya Kayole, simu ikalia. Barua pepe ya kamati ya kongamano moja hapa Nairobi, silitaji jina. Ikisiri yangu kuhusu wauza maji wa mikokoteni imekataliwa. Kukataliwa nimezoea, ngozi imekuwa ngumu. Kilichonitoa machozi ni ile karatasi ya alama waliyoambatanisha.

Utaratibu wenyewe ni huu. Ikisiri maneno 250. Vigezo vitatu, kila kimoja alama 1 hadi 5: uhusiano na wito wa makala, uwazi, na upya. Wasomaji ni wawili, kila mmoja anajumlisha zake kati ya 15, halafu wanatafuta wastani. Ukifika 9 unaingia.

Msomaji wa kwanza alinipa 4, 3, 4, na kuandika: "Inajibu mada ndogo ya tatu. Utangulizi mrefu. Jipya ni muuzaji wa mkokoteni, si mashine." Sawa kabisa, huyo alisoma.

Msomaji wa pili: 2, 2, 2. Maelezo yake yote haya hapa: "Sampuli ndogo. Mashine za maji zimeandikwa sana."

Hesabuni. Maneno saba! Kumi na moja na sita ni 17, gawa kwa mbili, 8.5. Nimeanguka kwa nusu alama. Angenipa 3 ya uhusiano badala ya 2, ningefika 9 kamili na saa hii ningekuwa natengeneza slaidi.

Sasa mniambie, sampuli iko kwenye kigezo gani kati ya hivyo vitatu? Na hiyo 2 ya uhusiano ilitoka wapi, wakati mada ndogo ya tatu kwenye wito wao wenyewe inasema "Watoa huduma wa maji wasio rasmi mijini"? Miezi minne nimetembea na watu wa mikokoteni Eastlands, wanajaza mitungi kwenye mashine za maji za kadi na kwenda kuuza milangoni. Kama hao ni rasmi, nionyeshwe ofisi yao. Mashine zimeandikwa, ndiyo, tangu zile za Mathare za 2015. Lakini mimi sikuandika mashine. Mashine kwangu ni mahali mtungi unapojaa tu.

Kiti_cha_Nyuma

Pole kaka. Lakini ulikuwa umeshalipa usajili? Hawa watu wakikukataa huwa hawarudishi pesa, fuatilia mapema.

MtungiWaLita20

Sijalipa chochote. Nauliza kuhusu alama.

Mama_Ratiba

Mwanangu, nimekaa kwenye kamati za kupokea ikisiri miaka mingi, na hizo 2 tatu zilizopangana kama sahani nazijua. Msomaji alipata wazo moja, kwamba mashine zimechosha, likammwagikia kwenye vigezo vyote. Dalili ni kwamba maelezo yake yanagusa kigezo kimoja tu, upya, na alama tatu zote zimeshuka pamoja. "Sampuli ndogo" haina pa kukaa. Hapo anahukumu mbinu, na mbinu hakuulizwa.

Uhusiano ndicho kigezo rahisi kuliko vyote, kwa sababu msomaji ana kitu cha kulinganisha nacho. Anaufungua wito, anaweka kidole kwenye mada ndogo, anauliza: ikisiri hii inaijibu? Sisi tuliwaandikia wasomaji hivi: 5 ni inayojibu mada ndogo moja kwa moja; 3 ni ile ambayo mada iko jirani lakini msomaji analazimika kuujenga uhusiano mwenyewe; 1 ni ile ambayo ingeweza kupelekwa kongamano lolote lile. Hakuna mahali pa "mada hii siipendi". Na kila alama ya 2 kushuka chini ilibidi iandikiwe sentensi yake, la sivyo karani anairudisha.

Kwa uliyoyaeleza, hiyo 2 ya uhusiano haisimami. Lakini bandika ikisiri yenyewe. Nikisikiliza upande mmoja nitakudanganya.

Fundi_Takwimu

Dawa ni ndogo. Huyo wa pili ni mkali tu. Wachukue alama zote alizotoa, watafute wastani wake, waone kila ikisiri iko juu au chini ya wastani huo kwa kiasi gani, ndipo walinganishe na wa kwanza. Mkali na mpole wanakuwa sawa, uzi unafungwa.

Mama_Ratiba

Fundi, nusu nakubali. Ingekuwa kila msomaji alipewa ikisiri 20 au zaidi kwa kuchanganya kama karata, hesabu yako ingefanya kazi. Lakini makongamano yetu hugawa kwa mada ndogo. Kama huyo wa pili alipewa mada ya tatu nzima, na mada ya tatu mwaka huu ilipata ikisiri dhaifu, wastani wake utakuwa chini bila yeye kuwa mkali. Ukimsawazisha, unazibeba dhaifu na kuwaonea wa mada nyingine. Na akiwa amesoma sita tu, wastani wa sita ni upepo.

Halafu hata umsawazishe, 2, 2, 2 inabaki namba moja iliyoandikwa mara tatu.

Fundi_Takwimu

Sita ni chache, hapo nakubali. Lakini bila kusawazisha kabisa ni bahati nasibu, na hilo silegezi.

Shahidi_Mwoga

Naungama hapa kwa sababu hamnijui. Mwaka jana nilipewa ikisiri 34 siku ya Ijumaa, mwisho Jumapili usiku. Kumi za kwanza nilisoma nikiwa na wito pembeni. Kufika ya ishirini nilikuwa nimelala kwenye kochi, wito niliufunga zamani, nasoma kichwa na sentensi ya mwisho. Nilikuwa natoa 3, 3, 3 kwa kila kitu ambacho hakikuniudhi. Jumatatu nilirudia tano za mwanzo kujipima, mbili nikazipa alama tofauti na zangu mwenyewe.

Na si sisi wadogo tu. Mwaka 2014 wale wa kongamano la akili bandia la NIPS, siku hizi NeurIPS, walipeleka makala 166 kwa kamati mbili zisizojuana. Kwenye 43, kamati moja ilikubali na nyingine ikakataa. Hizo ni makala kamili, si aya moja ya maneno 250.

Mlezi_wa_Lugha

Afadhali ninyi mmepewa maneno saba. Mimi nilituma ikisiri kwa Kiswahili, wito ukisema wazi lugha zote mbili zinakubaliwa, nikapewa 1 ya uwazi na maelezo: "Lugha." Neno moja! Mpaka leo sijui kama lugha ilikuwa mbovu au ilikuwa Kiswahili.

Mama_Ratiba

Hiyo ni mbaya kuliko ya mwenye uzi, na ningeifungulia uzi wake. Kama msomaji hasomi Kiswahili vizuri alipaswa kuirudisha, si kuipa 1. Mifumo ya kupokea ikisiri kama EasyChair ina sehemu ya msomaji kusema ana uhakika kiasi gani na hukumu yake. Watu huiruka tu.

MtungiWaLita20

Nabandika. Inaanza hivi: "Maji ni uhai, na upatikanaji wa maji safi ni changamoto kubwa katika miji mingi duniani, hasa katika nchi zinazoendelea..." Katikati naeleza mashine za kadi na jinsi nilivyowafuata wauzaji 18. Mwisho: "Matokeo na mapendekezo yatajadiliwa kwenye kongamano." Nzima nimeweka kwenye picha hapo chini.

Mama_Ratiba

Nimesoma picha. Usinikasirikie.

Nimehesabu kwa kalamu. Maneno 118 ya kwanza ni maji duniani na mashine za kadi. Mtu wa mkokoteni anatokea mara ya kwanza kwenye neno la 131, yaani zaidi ya nusu imepita. Kabla ya hapo mashine ya kadi umeitaja mara nne. Halafu matokeo hakuna. "Yatajadiliwa" ni kumwambia msomaji aje alipe ndipo aone. Uwazi mimi ningekupa 2 pia. Yule wa kwanza alikuwa mkarimu kukupa 3.

Na sasa naelewa kwa nini wa pili aliona mashine. Alisoma nusu ya kwanza, na nusu ya kwanza ni mashine. Upya wako aliutafuta mahali hukuuweka. Uhusiano bado nasema alikosea, maana mkokoteni umo hata kwenye kichwa. Ningekupa 4, uwazi 2, upya 3. Jumla 9. Ukichanganya na 11 za wa kwanza, unapata 10, unaingia.

Uligundua nini kwa hao 18? Sema kama unavyomwambia jirani.

MtungiWaLita20

Mama, hiyo ya neno la 131 imenikaa vibaya, lakini nimehesabu, ni kweli.

Niligundua kwamba wateja wengi wa mkokoteni kadi ya mashine wanayo. Iko mfukoni. Wanakaa ghorofa ya nne, ya tano, mtungi una kilo 20. Hawanunui maji, wananunua kutobeba. Kwa hiyo kushusha bei pale kwenye mashine hakumgusi mtu wa juu, anayepanga bei yake ni ngazi.

Mama_Ratiba

Na hayo yote umeyaficha nyuma ya "maji ni uhai"? Hiyo sentensi ya ngazi ingekuwa ya pili kwenye ikisiri, hata yule wa maneno saba angesimama.

Shahidi_Mwoga

Mimi ningekupa 5 ya upya hata nikiwa kwenye kochi.

Fundi_Takwimu

Lakini upya kwa nani? Mimi si mtu wa maji, kwangu hilo ni jipya. Aliyesoma maandiko ya maji pengine ameliona mara kumi. Hicho kigezo hakipimiki na wasomaji wawili, mmoja mgeni na mmoja mwenyeji.

Mama_Ratiba

Hapo umenishika, Fundi. Sisi tulidai atakayesema "zimeandikwa sana" ataje kazi hata moja. Ilisaidia kidogo. Wengine waliacha tu kuandika maelezo wakatoa 3.

Mwenye uzi, usiwaandikie kwamba umeonewa. Waandikie kwamba kwenye kigezo kimoja, uhusiano, wasomaji wametofautiana alama 2 na wa pili hakuandika sababu, na uombe msomaji wa tatu asome kigezo hicho peke yake mbele ya wito. Mistari mitatu. Sisi tulikuwa tukimwita wa tatu jumla zikipishana kwa 4 au zaidi, na zako zimepishana kwa 5. Kama wao wana kanuni hiyo sijui, wito wao haukusema.

MtungiWaLita20

Nimetuma saa nane mchana. Jibu limeshuka saa nane na dakika mbili: "Asante kwa kuwasilisha ikisiri yako. Wasomaji wetu wataipitia kwa kuzingatia vigezo vitatu."

Kiti_cha_Nyuma

Hiyo ni mashine imejibu. Na usajili bado usilipe.